Ofa imekuja, dada wa wakala wa ajira anasema "nipigie tu". Hii simu ya mshahara naipangaje?

Kimara Mwisho · Jumanne, 19:42

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo ya haraka, muda wenyewe mfupi.

Mimi ni mhasibu, mwaka wa sita kazini, kampuni ya usambazaji hapa Dar. Mwezi uliopita wakala mmoja wa ajira alinitafuta, nikafanya usaili mara mbili kwa mteja wake, ofisi ziko Masaki. Leo mchana barua ya ofa imeingia: 2,300,000 kabla ya makato, kuanza tarehe mosi mwezi ujao, na wanataka niisaini niirudishe Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni. Ninapofanya kazi sasa napata 2,000,000 kabla ya makato.

Mimi nataka 2,700,000. Kuomba nitaomba, hilo nimeshaamua. Ninachouliza ni hiyo simu yenyewe. Dada wa wakala kaniandikia wasap: "Hongera! Ukiwa na swali nipigie tu." Nimpigie usiku huu huu au niombe muda rasmi? Nimwambie mapema kwamba ni habari ya mshahara? Na kiasi nikiandike au nikitamke simuni?

Wajuvi njooni.

---

Ngumu Kumesa · Jumanne, 19:58

Mkuu, sheria ni moja tu: usitaje namba kwanza. Mpigie, mwambie "hii ofa iko chini", halafu nyamaza. Ukimya ukizidi yeye mwenyewe ataongeza.

Halafu nyongeza yote omba iwe posho. Posho hazikatwi kodi, mshahara ndio unakatwa.

---

Mtumishi wa Halmashauri · Jumanne, 20:05

Nyie wa sekta binafsi mna raha. Mimi nilipoajiriwa niliikuta TGS D inanisubiri mezani, ningempigia nani simu? Hata mkurugenzi hana uwezo wa kuongeza shilingi. Nimekaa hapa nijifunze tu.

---

Mama Naila · Jumanne, 20:11

Mdogo wangu, USITUME HELA! Mpwa wangu aliambiwa atoe 80,000 "ya kuandaa mkataba" na hao hao wanaojiita mawakala. Wakala wa kweli analipwa na mwajiri, hamtozi anayetafuta kazi.

---

Kimara Mwisho · Jumanne, 20:15

Mama Naila asante, ila huyu hajaomba hela. Ofisi zao nimefika na mwajiri nimeonana naye ana kwa ana. Tatizo langu ni mshahara.

---

Bibi Utumishi · Jumanne, 21:03

Mdogo wangu, nilikaa upande wa wakala miaka tisa, sasa niko idara ya utumishi kwenye kampuni, kwa hiyo simu za aina hii nimezipokea kwa pande zote mbili.

Kwanza elewa unaongea na nani. Huyo dada ni mshenga. Mahari haitoki mfukoni mwake, na wala hana mamlaka ya kukubali. Ukimpigia ghafla usiku na kusema unataka 2,700,000, jibu lake ni moja: "ngoja nikawaulize". Anaenda kuuliza akiwa hana hoja, anamkuta meneja ana haraka, anarudi na "wamesema bajeti ndiyo hiyo". Simu imekwisha na nafasi yako umeitumia. Ndiyo maana usimshtukize. Mwambie leo au kesho asubuhi kwamba unataka kuongea mshahara, ili aende kwa mteja kuulizia mwisho wao uko wapi KABLA hamjaongea. Mshenga mzuri anakuja kwenye simu akiwa na kitu mkononi.

Wala usimwone adui. Kwa kawaida ada ya wakala ni asilimia ya mshahara wako wa mwaka, hivyo ukipanda yeye hapungukiwi kitu. Anachoogopa ni wewe kukataa kabisa, au mteja kuchukia na kumchukua mtu wa pili. Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza imtoe hofu hiyo: kazi unaitaka.

La pili ni siku. Mwisho wa kusaini ni Ijumaa jioni. Ukipanga simu Ijumaa asubuhi umejifunga mwenyewe, maana meneja wa mteja atahitaji angalau siku moja kujibu, na kwenye kampuni nyingine hadi mtu wa fedha aguse. Omba simu iwe Alhamisi asubuhi, na kwenye ujumbe huo huo omba tarehe ya kusaini isogee hadi Jumatatu. Kusogeza siku moja ya kazi hakumtishi mtu. Ukiomba Ijumaa saa kumi jioni, hapo ndipo unaonekana unazungusha.

Usiku huu mjibu wasap kwa kifupi tu: umeipata barua, unashukuru, unaisoma, kesho asubuhi utamwandikia. Neno "nimekubali" lisitoke kabisa, hata kwa furaha. Nimeona mtu alituma "nimekubali 🙏🏾" halafu kesho yake anataka mazungumzo.

---

Bibi Utumishi · Jumanne, 21:20

Imeili ya kesho iwe kama hii, igeuze kwa lugha mnayoandikiana:

> Dada, nashukuru kwa barua ya ofa. Nimeisoma yote na kazi hii naitaka. Kabla ya kusaini naomba tuongee kwa simu dakika 20 kuhusu mshahara, mgawanyo wake na tarehe ya kuanza. Nina nafasi Alhamisi kuanzia 10:00 hadi 11:00 asubuhi, au siku hiyo hiyo kuanzia 16:30. Kwa kuwa majibu yatapita kwa mwajiri, naomba tarehe ya kusaini isogezwe hadi Jumatatu 17:00. Kabla ya simu naomba unitumie mgawanyo: mshahara wa msingi ni kiasi gani, posho ni kiasi gani, na bima ya afya inamhusu nani.

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Bila mgawanyo utakuwa unabishania namba ambayo huijui.

Na wewe Ngumu Kumesa, umepatia nusu. Kukaa kimya kunasaidia, lakini baada ya kusema unachotaka, si badala ya kukisema. Hapa namba ya kwanza imeshatajwa, ni hiyo 2,300,000. Ukisema "iko chini" bila kusema unataka wapi, mshenga anapeleka nini? Na posho ya fedha taslimu sekta binafsi inakatwa PAYE kama mshahara. Hilo la "posho hazikatwi" limewaponza wengi.

---

Ngumu Kumesa · Jumanne, 21:31

Bibi, mimi mbona posho yangu ya safari haikatwi?

---

Bibi Utumishi · Jumanne, 21:34

Hiyo ni ya kujikimu ukiwa safarini kikazi, unapewa uitumie huko. Posho ya nyumba au usafiri inayoingia kila mwezi pamoja na mshahara ni kipato, inakatwa.

---

Fundi Mnara · Jumanne, 21:50

Naongezea kwenye saa, maana mimi ilinitokea puani. Wakala wangu alikuwa Johanesibagi. Akauliza nipige lini, mimi kwa akili yangu ya Kiswahili nikaandika "kesho 4:00", nikimaanisha saa nne asubuhi. Asubuhi nimekaa ndani, nimeoga, karatasi mezani, simu kimya. Nikaona wameghairi, nikaenda zangu kazini. Simu inaita jioni, niko Kibaigwa, ndio nimeshuka mnarani, mikono imejaa grisi, jenereta linanguruma pembeni. "Is this still a good time?" Nikasema ndiyo. Nikakubali kila alichosema.

Kwa hiyo andika 10:00, usiandike "saa 4". Na kama mtu yuko nchi nyingine omba akutumie mwaliko wa kalenda, simu yenyewe itageuza saa. Johanesibagi wako nyuma yetu saa moja, kwa hiyo hata hiyo "4:00" yake kwangu ilikuwa saa kumi na moja jioni.

---

Kimara Mwisho · Jumanne, 22:16

Fundi pole 😂 ila nimecheka.

Bibi, wasap nimeshajibu kama ulivyosema, imeili naituma asubuhi. Ila kuna kitu kimenishtua. Nimekaa na kikokotoo nikapiga hesabu ya mkononi, na mimi nina makato ya bodi ya mikopo.

Sasa hivi: 2,000,000, toa NSSF 200,000, PAYE inakuja 368,000, bodi 300,000. Mkononi 1,132,000, na ndicho kinachoingia benki kweli.

Ofa: 2,300,000, toa NSSF 230,000, PAYE 449,000, bodi 345,000 kama yote ni mshahara wa msingi. Mkononi 1,276,000.

Yaani laki tatu ya kwenye barua imekuwa 144,000. Na hapa nilipo kuna basi la kampuni na chakula cha mchana. Kutoka Kimara hadi Masaki nauli na kula nimejibana sana ni 5,000 kwa siku, siku 22 ni 110,000. Nabakiwa na 34,000. Nahama kazi kwa 34,000 jamani?

---

Bibi Utumishi · Jumanne, 22:40

Hesabu yako iko sawa, na ndiyo itakayokuokoa Alhamisi. Ukishapita milioni moja, kila laki unayoongezewa inaondokewa na 10,000 ya NSSF, 27,000 ya kodi na 15,000 ya bodi. Inafika kwako 48,000. Wengi wanabishana simuni kwa namba ya juu huku kichwani wanafikiria ya mkononi, halafu mwezi wa kwanza wanalia.

Kwa hiyo simuni sema "kabla ya makato" kila unapotaja kiasi, hata ikiwa mara tano. Nimewahi kuandaa barua mbili kwa mtu mmoja kwa sababu yeye alisema "milioni moja na nusu" akimaanisha mkononi, sisi tukaandika kabla ya makato. Hakuna aliyedanganya, ila mteja alihisi anachezewa.

Basi na chakula ndiyo maneno ya kumpa mshenga abebe. "Nataka zaidi" haibebeki. "Nikihama napoteza usafiri na chakula, vinanigharimu 110,000 mkononi, kwa hiyo ofa hii inaniongezea 34,000 tu" inabebeka, maana meneja yeyote anaielewa na hawezi kuikasirikia. Ukishaisema, taja kiasi chako, kisha ndiyo unyamaze kama Ngumu alivyosema.

Kuna mlango mwingine. Makato ya bodi ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Wakikataa kupandisha sana, uliza kama sehemu inaweza kuandikwa posho ya nyumba. Laki nne ikihamia kwenye posho, 60,000 inabaki mkononi kila mwezi. Kodi haipungui, deni la bodi halifutiki, unalipa polepole tu. Na ujue ubaya wake: siku wakikupunguza kazi, kiinua mgongo cha kisheria kinapigwa kwa mshahara wa msingi, siku saba kwa kila mwaka. Msingi ukiwa mdogo na chenyewe kinakuwa kidogo. Kwa hiyo usiukate msingi hadi ukonde.

---

Kijana wa Sinza · Jumanne, 23:02

Napingana kidogo na Bibi. Ukisema una basi na chakula, umewafungulia mlango waulize unalipwa ngapi sasa. Wakishajua 2,000,000 wataona 2,300,000 ni asante kubwa. Mimi mshahara wangu wa sasa sisemi, ni siri yangu na mwajiri wangu.

---

Bibi Utumishi · Jumanne, 23:10

Sinza, mawakala wengi hapa wanadai hati za mshahara za miezi mitatu kabla hata ya usaili. Dada, wewe ulishazituma?

---

Kimara Mwisho · Jumanne, 23:12

Nilizituma wiki ya kwanza 🙈

---

Bibi Utumishi · Jumanne, 23:15

Basi hakuna siri. Na hata kama hujatuma, usitaje uongo, hati zitaombwa tu.

---

Kijana wa Sinza · Jumanne, 23:19

Mimi niliombwa nikakataa, na kazi nikapata. Tubaki na tofauti zetu.

---

Asha Mwembe · Jumatano, 07:25

Kuhusu kuandika kiasi au kukitamka: mimi ningekiweka kwenye imeili ile ile ya kuomba simu. Bibi kasema mwenyewe mshenga aende na kitu. Sasa akienda kwa mteja bila kujua unataka 2,700,000 anaulizia nini?

---

Bibi Utumishi · Jumatano, 08:02

Asha una hoja, na wenzangu wengine ofisini wanafanya hivyo. Woga wangu ni kwamba namba ikiandikwa peke yake inatumwa mbele kama ilivyo, bila sababu, na jibu linarudi "hapana" kabla hujafungua mdomo. Napenda itamkwe simuni pamoja na sababu, halafu ndani ya saa moja iandikwe kwa imeili ili isipotoke njiani. Ila kama dada anamwamini huyo wakala, aandike.

Kitu kimoja: ukishaituma imeili, kuna uwezekano mkubwa akupigie papo hapo bila kusubiri Alhamisi. Si ubaya, ndiyo kazi yao, wanapenda kumaliza siku hiyo hiyo. Amua mapema utamwambia nini.

---

Kimara Mwisho · Jumatano, 18:51

Bibi Utumishi wewe ni mganga?

Imeili nilituma 08:20. Saa nne akajibu: Alhamisi 10:00 sawa, Jumatatu sawa, mgawanyo ataufuatilia. Nikatulia. Sasa saa kumi na moja na nusu jioni niko Ubungo ndani ya basi la kampuni, nimesimama, mkono mmoja nimeshika bomba, begi kifuani, simu inaita. Ni yeye. "Dada, nimeongea na mteja, niambie tu haraka unafikiria kiasi gani nimpelekee sasa hivi kabla hajatoka ofisini."

Wakuu, namba ilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema: "Dada yangu, niko kwenye basi na sikusikii vizuri. Sitaki nikupe kiasi nusu nusu. Kesho saa nne asubuhi nitakuwa nimekaa na karatasi mbele yangu." Akakaa kimya kidogo, akasema haya. Sasa nina wasiwasi kwamba nimemuudhi.

---

Bibi Utumishi · Jumatano, 19:14

Hujamuudhi. Angekuwa ameudhika angekuambia mteja anasafiri. Kesho ofisini kwako usiongelee ngazini wala chooni, watu wana masikio. Utakuwa wapi?

---

Kimara Mwisho · Jumatano, 19:20

Nimeomba ruhusa ya asubuhi, nitakuwa nyumbani. Kuku wa jirani tu ndio wasiwasi.

---

Kimara Mwisho · Alhamisi, 11:36

Marejesho.

Kapiga 10:04. Dakika 17. Nilianza na kazi naitaka, nikamsomea hesabu ya 34,000 kama ilivyo kwenye karatasi, nikasema 2,700,000 kabla ya makato, nikanyamaza. Kuku wakawika. Akasema hesabu hiyo anaielewa kwa sababu na yeye anakatwa bodi. Halafu akaniambia alipoulizia jana, mteja alisema mwisho wao ni 2,500,000 kwa nafasi hii, kwa sababu mtu aliyeko juu yangu yuko karibu hapo.

Nikauliza mgawanyo. Akasema wanaweza kuandika msingi 2,100,000 na nyumba 400,000. Nimepiga: NSSF 250,000, PAYE 503,000, bodi 315,000, mkononi 1,432,000. Kutoka 1,132,000 ni laki tatu kamili, nikitoa nauli na chakula 190,000. Nikamwambia kwa mgawanyo huo naweza kusaini. Sikuibana zaidi ya hapo, sijui kama nimekosea.

Tarehe: mkataba wangu wa sasa unadai notisi ya mwezi mmoja, tarehe mosi haiwezekani. Nimeomba tarehe 20. Bima: mimi peke yangu hadi muda wa majaribio uishe, mtoto baadaye. Hapo hakuahidi kitu. Yote nimemwandikia kwa imeili 10:50.

---

Ngumu Kumesa · Alhamisi, 11:44

Ungekomaa na 2,700,000. Hiyo ya "mwisho wetu" wanasemaga wote.

---

Asha Mwembe · Alhamisi, 11:52

Au ungeomba mapitio ya mshahara baada ya majaribio, yaandikwe kwenye barua. Bado hujachelewa, hujasaini.

---

Bibi Utumishi · Alhamisi, 12:20

Ngumu, ni kweli wanasema wote, lakini sababu aliyopewa ina uzito. Kumlipa mpya zaidi ya bosi wake hakuna meneja atakayekubali, ni vita ofisini. La Asha liongeze kwenye imeili leo hii, sentensi moja tu.

Na notisi usiipeleke kwa mwajiri wako hadi barua MPYA iwe mkononi, imesainiwa pande zote mbili. Maneno ya mshenga hayalipi kodi ya nyumba.

---

Kimara Mwisho · Ijumaa, 17:22

Barua mpya imeingia 16:50. Msingi 2,100,000, nyumba 400,000, sawa. Mapitio baada ya miezi sita wameandika "yanaweza kufanyika". Ila tarehe ya kuanza bado ni mosi, hawajabadilisha. Nimeirudisha na kuiwekea alama hapo kwenye tarehe, nimeomba irekebishwe kabla ya Jumatatu 17:00. Hajajibu.

---

Fundi Mnara · Ijumaa, 17:40

Jumatatu 17:00 ya wapi? 😂